Maoni 41 kwenye karatasi moja ya wadaiwa

*Shikamoo kaka. Mwaka huu nimepandishwa kuwa msimamizi wa timu kwenye ofisi ndogo ya ukaguzi hapa Mwanza. Nina vijana wawili wa mwaka wa kwanza. Nilipitia karatasi yao ya wadaiwa nikaandika maoni 41. Mmoja tangu siku hiyo haongei. Mwingine anajibu "nimerekebisha", nikifungua nakuta hajagusa kitu. Meneja anasema mimi ni mkali, halafu huyo huyo ananilaumu karatasi zikimfikia na makosa. Nipitie vipi, na niandike nini, kazi itengemae na vijana wasikate tamaa?*

Marahaba, mdogo wangu. Karatasi yenyewe sijaiona, lakini nimepitia karatasi za wadaiwa miaka mingi na sijakutana na moja yenye makosa 41 tofauti. Mara nyingi makosa huwa matatu au manne. Moja limejirudia kwenye kila mstari wa sampuli, na mpitiaji ameliandika mara 15. Yaliyobaki ni tarehe iliyokaa vibaya, safu isiyo na kichwa, sentensi ambayo wewe ungeiandika kwa namna nyingine. Kijana akifungua faili haoni makosa manne. Anaona 41, na hana namna ya kujua lipi linaweza kuharibu hesabu na lipi ni mapenzi yako tu. Hapo mmoja hunyamaza, na mwingine huandika "nimerekebisha" ili orodha iishe.

Kwa hiyo kabla hujaongea nao tena, chukua hayo 41 uyapange upya. Upande mmoja weka yale ambayo yakibaki hivyo, huwezi kusema salio la wadaiwa ni la kweli. Yanayofanana yaunganishe yawe oni moja. Upande wa pili weka yanayomzuia msomaji kuelewa kilichofanyika. Yaliyobaki, ya mtindo wa uandishi na rangi za seli, yafute. Kama ofisi yenu ina mpangilio wake wa karatasi, wape karatasi moja iliyokamilika waifuate, ila usiwafundishe mpangilio kupitia maoni ya mapitio. Oni la mapitio lina kazi moja, nayo ni kumrudisha aliyeandaa kwenye ushahidi. Lisilomrudisha huko linamchosha bure.

Nitakupitisha kwenye kisa kimoja cha wadaiwa, kwa sababu hapo ndipo vijana wengi huanzia.

Kampuni ilikuwa inasambaza saruji na mabati, na mwaka wake wa hesabu uliishia 31 Desemba. Tulituma barua za uthibitisho kwa wadaiwa 15 na wanne tu wakajibu. Kwa 11 waliobaki tukafanya kile ambacho wengi wetu hukifanya: kuangalia fedha zilizoingia baada ya tarehe ya mizania. Hoja yake ni rahisi. Mtu aliyelipa deni mwezi Januari au Februari, deni hilo lilikuwepo kweli Desemba. Kijana aliyekabidhiwa kazi alikuwa na miezi mitano kazini. Akaniletea karatasi safi, tiki kwenye mistari yote 11, na chini ameandika: "Wadaiwa wote wamelipa baada ya mwaka. Hakuna tatizo."

Mimi huwa sianzi na tiki. Kwanza nasoma kusudi la kazi lililoandikwa juu, kisha naruka hadi hitimisho la chini na kujiuliza kama kazi ya katikati inatosha kubeba maneno hayo. Halafu naangalia kama jumla ya orodha ya wadaiwa imeoanishwa na leja kuu, maana sampuli iliyochukuliwa kwenye orodha isiyopatana na leja haisemi chochote kuhusu hesabu. Mwisho nachagua mstari mmoja au miwili nakwenda mwenyewe hadi kwenye hati. Si kila mstari. Ukirudia yote unakuwa umefanya kazi ya kijana, na hutajua anachoweza wala asichoweza. Mstari wa kuchagua ni ule wenye kiasi kikubwa, au wenye kitu kidogo kisichokaa sawa.

Mdaiwa namba 7 alikuwa na kitu kisichokaa sawa. Salio lake la Desemba lilikuwa 37,760,000. Kijana alimtilia tiki kwa malipo mawili, 23,010,000 ya tarehe 22 Januari na 17,700,000 ya tarehe 9 Februari. Jumla ni 40,710,000, zaidi ya deni lenyewe. Yeye aliona fedha imezidi deni, akaridhika. Mimi nilifungua leja nikaona salio limeundwa na ankara tatu: 14,160,000 ya Septemba, 15,340,000 ya Oktoba na 8,260,000 ya Desemba. Zijumlishe utakavyo, hupati 23,010,000. Malipo yale hayakuwa ya ankara hizo peke yake. Inawezekana hayakuwa ya zile za zamani kabisa.

Kosa hili ni la kawaida na halina uhusiano na uvivu. Kijana amefundishwa kuwa malipo ya baadaye yanathibitisha deni, na hakuna aliyemwambia kuwa ni malipo ya *ankara zilizokuwepo Desemba*. Mdaiwa anayeendelea kununua atakuwa na fedha inayoingia kila mwezi, hata kama ankara yake ya Septemba haitalipwa kamwe. Yaani biashara nzuri ya Januari inaficha deni bovu la Septemba.

Sasa niandike nini? Ningeweza kuandika "Ushahidi hautoshi, rudia wote 11." Ni kweli, na halina msaada. Kijana angerudi kwenye hati zile zile, kwa macho yale yale, na kuona kile kile. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza, katika ofisi moja, nilipewa karatasi yenye alama ya kuuliza pembeni ya kila mstari, bila neno hata moja. Nilikaa nayo hadi saa tatu usiku nikibadilisha vitu ambavyo havikuwa na kosa, na kosa lenyewe likabaki pale pale. Nakumbuka hasa lile la kutojua ninachotafuta, na sitaki mtu aliye chini yangu alipitie.

Nilichomwandikia kijana yule ni hiki:

"Mdaiwa namba 7. Umetegemea malipo ya 22 Januari na 9 Februari. Nimejaribu kuoanisha 23,010,000 na ankara tatu zinazounda salio la Desemba, hazipatani. Chukua mgawanyo wa malipo kwenye leja pamoja na barua ya malipo ya mdaiwa mwenyewe, uonyeshe kila malipo yalilipa ankara ipi. Kama ankara ya Septemba au Oktoba haijalipwa, andika kiasi, na tuongee kabla hujamuuliza mhasibu. Nakadiria ni kazi ya saa moja. Ukimaliza huyu, angalia kama kuna wengine wa namna hii kati ya 10 waliobaki."

Liangalie vizuri. Limetaja mahali. Limesema nilichokiona mimi, kwa namba, ili aweze kukiona na yeye. Limetaja hati ya kwenda kuichukua. Halikutaja jibu, kwa sababu kweli sikuwa nalo, na hata ningekuwa nalo nisingemwandikia. Limempa muda, maana kijana asiyejua kama kazi ni ya dakika kumi au ya siku mbili huanza na iliyo rahisi. Na lile la mwisho, la kuangalia waliobaki, ndilo linaloondoa haja ya kuandika oni hilo hilo mara 11.

Sentensi ya "tuongee kabla hujamuuliza mhasibu" nayo ina sababu. Kijana akienda moja kwa moja atauliza, "Hii ya Septemba mbona haijalipwa?" Atajibiwa, "Itaingia mwezi ujao," na ataandika hivyo kwenye karatasi kama ushahidi. Nilitaka tukae kwanza tujue swali la kuuliza na hati ya kuomba.

Alirudi baada ya saa moja na nusu. Malipo ya Januari yalikuwa yamelipa ankara ya Desemba pamoja na nyingine ya 8 Januari, 14,750,000. Yale ya Februari yalikuwa ya ankara ya 27 Januari peke yake. Ankara za Septemba na Oktoba, jumla 29,500,000, zilikuwa bado. Tulipokaa nikamuuliza swali moja tu: ungekuwa wewe ndiye mdaiwa, unalipa ankara mpya na kuziruka za zamani, ungekuwa na sababu gani? Akafikiri kidogo akasema, "Labda mzigo haukunifikia. Au umefika mbovu." Basi, nikamwambia, nenda ukaombe hati za kupokelea mzigo za ankara hizo mbili, na faili la mizigo iliyorudishwa.

Mabati ya Oktoba yalikuwa yamerudishwa wiki mbili baada ya kupelekwa, yakiwa na kutu. Mlinzi wa ghala alisaini kuyapokea, na krediti noti haikutolewa. Hiyo 15,340,000 haikuwa deni. Ya Septemba mzigo ulipokelewa na kusainiwa, ila walikuwa wakibishania bei, kwa hiyo deni lipo na swali ni kama litalipwa lote. Tazama umbali kati ya hapo na "Hakuna tatizo". Mwendo huo wote ameutembea kijana mwenyewe. Kisha, bila mimi kumwambia, akauliza kama mabati yaliyorudi yalihesabiwa kwenye stoo tarehe 31 Desemba. Tukafungua karatasi za kuhesabu mali, yalikuwemo. Maana yake gharama ilikuwa imekwisha kujirekebisha kupitia hesabu ya mali ya mwisho, na kilichobaki ni upande wa mauzo: 13,000,000 kwenye mauzo na 2,340,000 ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Likabaki pia swali la kama bati lenye kutu bado linauzika kwa bei iliyowekwa kwenye orodha ya mali.

Ningekuwa nimeyatafuta hayo mwenyewe, ningemaliza kwa dakika 40. Najua kishawishi hicho, hasa meneja anapopiga simu. Lakini kuna mambo mawili. Kazi uliyoifanya wewe inahitaji mtu mwingine wa kuipitia, maana huwezi kuwa mwandaaji na mpitiaji wa mstari mmoja. Na mwaka ujao kijana huyo ataleta tiki zile zile. Mimi huchukua kazi mkononi pale tu ambapo uamuzi si wa ngazi yake. Kwa mfano, ni kiasi gani cha ile 14,160,000 yenye ubishi kitengewe kuwa huenda kisilipwe. Hilo si la kumwachia mtu wa miezi mitano, na kumwandikia oni "tathmini uwezekano wa kulipwa" ni kumwonea. Namwambia wazi: hii naifanya mimi, kaa pembeni uone ninavyoifanya.

Sasa tuje kwa kijana wako wa "nimerekebisha". Kabla ya kumlaumu, angalia mfumo wenu wa kujibu maoni. Ofisi nyingi zina safu ya maoni na pembeni yake safu ya majibu, na mwandaaji ndiye anayefunga. Hapo umemwambia kuwa kazi yake ni kujaza safu. Badilisha vitu viwili. Anayefunga oni ni yule aliyeliandika, si mwingine. Na jibu haliwi maneno, linakuwa mahali: "Tazama mstari wa 19 na kiambatisho cha 3." Asipokuwa na mahali pa kukuelekeza, hajajibu, na hilo atalijua mwenyewe kabla hajakutumia.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi namba 230 kinadai kwamba mkaguzi mwenye uzoefu, ambaye hakuwa na uhusiano wowote na kazi hiyo, aweze kuelewa kutoka kwenye faili nini kilifanyika, matokeo yalikuwa nini na hitimisho limefikiwaje. Maelezo ya mdomo ya mkaguzi yanaweza kufafanua kilichomo kwenye faili, lakini peke yake hayatoshi kuthibitisha kazi. Maoni ya mapitio yenyewe kwa kawaida hayabaki kwenye faili la mwisho, yakishafungwa huondolewa pamoja na rasimu. Basi fikiria kijana amekujibu vizuri kabisa kwenye safu ya majibu: "Mabati yalirudishwa, nimeona hati ya ghala, mauzo yapunguzwe." Wewe umeridhika umefunga. Safu ikiondolewa, maelezo yote yameondoka nayo, na karatasi yenyewe bado inasema "Hakuna tatizo". Nimeona faili za namna hiyo, na msimamizi anaapa kuwa kazi ilifanyika. Ilifanyika kweli, ila hakuna pa kuionea. Mweleze kijana wako hivyo hivyo, kwa mfano huo, na umwambie kila jibu liandikwe ndani ya karatasi ya kazi kwanza.

Lakini fahamu pia kwamba "nimerekebisha" isiyo na kitu nyuma yake inaweza kuwa dalili ya jambo baya zaidi. Mimi hutenganisha sababu tatu za kosa, kwa sababu kila moja inataka mwenendo wake. Kuna asiyejua, kama kijana wa mdaiwa namba 7. Huyo anahitaji oni linaloonyesha njia. Kuna anayejua lakini hakuangalia, aliyenakili 15,340,000 ikawa 13,540,000. Huyo hahitaji somo, anahitaji oni la mstari mmoja na tabia ya kujumlisha tena kabla ya kuleta. Na kuna ambaye hakufanya kabisa, aliyetia tiki bila kufungua hati.

Wa tatu hujulikana. Sampuli kubwa imeisha kwa muda mfupi mno. Hakuna hata tofauti moja kwenye mistari yote, wakati kampuni yenyewe unaijua haina mpangilio. Namba za hati hazijaandikwa, au zimenakiliwa kutoka orodha ya mhasibu pamoja na makosa yake ya uchapaji. Usimwandikie oni la kumtuhumu. Mwambie tu, kwa sauti ya kawaida, "Niletee taarifa ya benki ya mistari ya 3, 8 na 11 tuiangalie pamoja." Aliyefanya ataileta kwa dakika chache, hata kama imemchosha. Ambaye hakufanya utamwona. Ukithibitisha, hilo si la kufundishana tena kwa maoni. Tiki ya uongo ni suala la maadili, lifikishe kwa meneja siku hiyo hiyo, na kazi yote aliyoifanya kwenye faili hilo iangaliwe upya. Nakuomba tu usilifikie hitimisho hilo haraka. Mara nyingi nilipofuatilia nilikuta kijana ameangalia kweli, ila ameangalia daftari la fedha la kampuni badala ya taarifa ya benki, akidhani ni kitu kimoja. Huyo ni wa kundi la kwanza. Daftari linaandikwa na mhasibu yule yule tunayemkagua, na taarifa ya benki inatoka nje. Maneno hayo mawili yalitosha.

Kuna pia kosa lisilo la kijana hata kidogo, nalo ni la maelekezo. Muulize kila mmoja aliambiwa afanye nini siku ya kwanza. Jibu nililolisikia mara nyingi kuliko yote ni "Niliambiwa nifuate ya mwaka jana." Karatasi ya mwaka jana inaonyesha umbo la kazi, haionyeshi sababu yake. Kijana atanakili umbo, tiki na hitimisho, na makosa ya mwaka jana atayanakili pia. Ukikuta hivyo, usimwandikie oni. Keti naye umweleze ulichopaswa kumweleza mwanzoni, na umwambie wazi kuwa ilikuwa juu yako.

Ndiyo maana mimi siku hizi sipitii karatasi ikiwa imekamilika. Kijana akipewa mistari 11, namwambia afanye mitatu aniletee kabla ya kuendelea. Nakaa naye robo saa. Kama ana wazo potofu, limejirudia mara tatu tu, bado halijafika mara 11. Kurekebisha mistari mitatu ni kujifunza. Kurekebisha 11 baada ya wiki moja, wakati umeshahamia kazi nyingine na kampuni imefungia hati kabatini, ni adhabu hata kama oni limeandikwa kwa upole. Na nadhani hapo ndipo ugomvi wako na meneja utakapopungua. Anachokiita ukali huenda ni kuchelewa tu, yaani wingi wa maoni unaomwagika siku moja kabla ya faili kwenda kwake. Msije mkahesabu pia zile siku 60 ambazo kiwango kinazitaja baada ya tarehe ya ripoti ya mkaguzi. Hizo ni za kupanga na kufunga faili, si za kutafuta ushahidi ambao haukupatikana kabla ya kusaini.

Jambo lingine ni mahali pa kuongelea. Timu zetu hukaa kwenye chumba cha mikutano cha kampuni tunayoikagua, na mhasibu wao anaingia na kutoka akileta mafaili. Ukimwuliza kijana mbele yake "Hii umeifanyaje?", umemwondolea uwezo wa kuomba hati kesho. Mhasibu akishaona kuwa kijana anagombezwa, atamjibu kwa mkato na maombi yake yatawekwa chini ya rundo. Subirini mhasibu atoke, au mtoke ninyi mkanywe chai.

Kwa yule aliyenyamaza, usimwendee na maneno ya kumtia moyo. Hatayaamini, kwa sababu ana orodha ya 41 mbele yake. Mwendee na mstari mmoja. Mwambie akuonyeshe alivyofanya mdaiwa wa kwanza, hati kwa hati, na wewe unyamaze. Utaona hasa anapokwama, na pengine utakuta kuna mahali amefanya vizuri kuliko ulivyodhani. Hapo mwambie kitu chenyewe: "Umeandika namba ya hati ya benki kwenye kila mstari, nimeweza kufuata bila kukuuliza. Endelea hivyo." Sifa ya namna hiyo ataitumia kwenye karatasi inayofuata. "Kazi nzuri" haimwambii arudie nini.

Wakati wa kupitia, oni la mtindo likikujia kichwani, liache lipite. Yangu mimi ni mishale. Sipendi mishale kwenye ekseli, na nimejizuia kuiandikia kwa miaka mingi sasa. Lakini oni linalohusu ushahidi usilipunguze makali kwa kuogopa kuumiza. "Labda ungeangalia kama kuna uwezekano wa..." humchanganya kijana, hajui kama ni agizo au wazo. Andika wazi: haipatani, chukua hati hii, nionyeshe. Nilivyoona mimi, kijana haumizwi na kuambiwa wazi kuwa namba haipatani. Kinachomuumiza ni oni linalomzungumzia yeye badala ya karatasi. "Hukuwa makini" ni hukumu juu ya mtu, na hana hati ya kwenda kuichukua ili aijibu.

Kuhusu meneja, mpelekee karatasi moja ikiwa na maoni yake kabla hujawapa vijana, umwombe akuambie lipi angeliondoa na lipi limekosekana. Akikataa kwa kukosa muda, basi angalau mkubaliane ni makosa ya aina gani hataki kuyaona yakimfikia. Wewe nawe unapitiwa, na unastahili kupewa maoni yanayojibika.

Kijana wa mabati, karatasi yake iliyofuata ya wadaiwa ilikuwa na safu ambayo sikumwagiza. Aliweka katikati ya salio na malipo, ikiwa na kichwa "Ankara iliyolipwa". Kwa wadaiwa wawili aliiacha wazi, na pembeni akaandika: "Malipo yapo ila sijajua ya ankara ipi, nimeomba barua ya malipo, nasubiri." Niliandika oni moja tu kwenye karatasi ile, la jumla ya orodha iliyopishana na leja kuu.